Macho Yanayochoka Mbele ya Skrini: Tambua Chanzo, Pima Umbali, Ndipo Uende Kupima Miwani

Wateja wanaokuja kwangu wakilalamikia kompyuta huwa wameshajipa jawabu kabla hawajaketi: "Mionzi ya skrini inaniharibu macho." Baadhi yao wameshanunua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu na wanashangaa kwa nini kichwa bado kinauma jioni. Mimi huanza na swali moja: ukungu ukikujia machoni, unaondoka ukipepesa, au unaondoka ukisogea? Jibu la swali hilo hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Nianze na huo mwanga wa bluu ili tuumalize. Kiasi kinachotoka kwenye skrini ni kidogo sana ukilinganisha na mwanga wa mchana, hata siku ya mawingu. Mwaka 2023 Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, walichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 17 ya lenzi hizo, na hawakuona kwamba zinapunguza mchoko wa macho wa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Kama umeshazinunua, hazitakudhuru. Ila usitegemee kwamba zitakutibu.

Kinachochosha hasa ni mambo mawili: uso wa jicho unakauka, na misuli ya ndani ya jicho inafanya kazi ya kulenga karibu bila kupumzika. Dalili zake hufanana ukizitazama juujuu, lakini dawa zake ni tofauti kabisa. Mwenye macho makavu ukimpa miwani mpya hutamsaidia, na mwenye tatizo la kulenga anaweza kujitilia matone mwaka mzima asione nafuu.

Hatua ya kwanza: tambua ni ukungu wa aina gani

Ukungu wa ukavu huja na kuondoka ndani ya sekunde chache. Unasoma, herufi zinaanza kufifia, unapepesa mara mbili, zinarudi. Huambatana na kuwashwa, kuungua, au kuhisi kama kuna mchanga chini ya kope. Kuna na jambo moja linalowachanganya wengi: jicho kavu hutoa machozi. Uso ukikauka na kuwashwa, jicho hujibu kwa kumwaga machozi mengi ya maji matupu, ambayo hayakai juu ya jicho bali hutiririka shavuni. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Haiwezekani ni ukavu, macho yangu yanalia siku nzima," mimi nazidi kushuku ukavu.

Ukungu wa kulenga haujali kupepesa. Unaondoka ukirudi nyuma, ukisogeza simu mbali, au ukiongeza taa. Dalili yake ya wazi ni hii: umekaa kwenye kompyuta saa nzima, unainua uso kutazama saa ya ukutani, na inachukua sekunde kadhaa kabla mishale haijaonekana vizuri. Maumivu ya kichwa huwa kwenye paji la uso au juu ya nyusi, na huzidi jioni.

Halafu ufanye majaribio mawili madogo. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, soma mstari mmoja kwenye skrini, kisha badilisha. Utashangaa ni watu wangapi wameishi miaka na jicho moja lisiloona sawasawa bila kujua, kwa sababu lile zima lilikuwa linabeba kazi yote. Jaribio la pili: toboa kadi ngumu kwa sindano, tundu dogo la kama milimita moja, uchungulie kupitia hapo kwa jicho linaloona ukungu. Herufi zikinyooka, kuna uwezekano mkubwa kwamba miwani itasaidia. Zikibaki vilevile au zikizidi kuharibika, tatizo linaweza kuwa ndani ya jicho, na hapo wa kumwona ni daktari wa macho, si mimi.

Na zipo dalili ambazo usizipime nyumbani hata kidogo. Kuona mimweko ya mwanga, vidoadoa vingi vipya vinavyoelea, au kitu kama pazia linaloshuka upande mmoja. Kupoteza uwezo wa kuona ghafla. Kuanza kuona vitu viwiliviwili. Jicho jekundu lenye maumivu makali, hasa kama unavaa lenzi za kubandika juu ya jicho. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kama ulikuwa na lenzi, zitoe kwanza, uende nazo.

Hatua ya pili: kama ni ukavu

Tukiwa tunazungumza na watu, wengi wetu hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Mbele ya skrini idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Baya zaidi ni kwamba kupepesa kwenyewe kunakuwa nusunusu: kope ya juu inashuka kidogo na kurudi bila kuigusa ya chini. Sehemu ya chini ya jicho inabaki wazi, na utando wa machozi hapo unapasuka. Kope ikifunga kikamilifu hukamua mafuta kidogo kutoka kwenye vitezi vya ukingoni mwake, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke upesi.

Kwa hiyo zoezi ni kupepesa vizuri. Kila baada ya dakika 20 hivi, funga macho taratibu mpaka kope zikutane, hesabu mbili, fungua. Rudia mara kumi. Wakati huohuo ndipo uinue uso utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, ili na misuli ya kulenga ilegee. Ukitazama simu wakati wa mapumziko hayo, hujapumzika.

Jambo la pili ni kimo cha skrini, na hili watu hulipuuza. Skrini ikiwa juu, macho yanafunguka sana na eneo linalopigwa na hewa linakuwa kubwa. Ukingo wake wa juu uwe sawa na macho yako au chini kidogo. Ukikaa umbali wa sentimita 70, katikati ya skrini panapaswa kuwa kama sentimita 20 chini ya usawa wa macho. Hapo kope hushuka zenyewe. Feni au kiyoyozi kisikupulize usoni. Kigeuze hata kama ni wewe tu chumba kizima unayelalamika.

Matone ya kulainisha macho, yale yanayoitwa machozi bandia, yanafaa. Ukiona unayahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa sababu dawa hiyo ikirudiwarudiwa huukwaruza uso wa jicho uleule unaojaribu kuutuliza. Kope zikiwa na magamba au zikinata asubuhi, lowesha kitambaa safi kwa maji ya moto yanayostahimilika kwenye ngozi, ukiweke juu ya macho yaliyofungwa kwa dakika 10 huku ukikilowesha tena kila kinapopoa, kisha ukande kope kwa upole kuelekea kwenye ukingo wenye nywele. Fanya hivyo kila siku. Ukifanya mara moja kwa wiki hutaona tofauti.

Matone ya kuondoa wekundu ni kitu kingine. Yanabana mishipa ya damu, jicho linakuwa jeupe kwa saa chache, kisha wekundu unarudi na nguvu zaidi, na mtu anaanza kuyategemea. Na matone yenye steroidi usiyatumie bila daktari hata kama yalimponya jirani yako. Yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na mwenye nayo hahisi chochote mpaka uharibifu umeshatokea.

Hatua ya tatu: kama ni kulenga, chukua utepe wa kupimia

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu ndipo miwani mingi inapokosewa, na kosa huwa halitokani na kipimo cha macho. Linatokana na kipimo cha meza, ambacho hakuna aliyekichukua.

Ili uone karibu, lenzi ya ndani ya jicho lazima ijivimbishe. Kazi hiyo hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya 100 kwa umbali wa kitu kwa sentimita. Kitabu kilicho sentimita 40 kinadai dayopta 2.50. Skrini iliyo sentimita 75 inadai kama 1.33. Simu uliyoikaribisha mpaka sentimita 25 inadai 4.00, ndiyo maana nusu saa ya simu kitandani huchosha kuliko saa nzima kwenye kompyuta.

Uwezo wa kujivimbisha hupungua kadiri umri unavyosogea. Kijana anao mwingi kupita mahitaji yake. Kuanzia miaka 40 na kitu unakuwa haba, na huzidi kupungua. Nasi tunajua kwa uzoefu kwamba mtu hufanya kazi kwa starehe akitumia karibu nusu tu ya uwezo alionao. Akitumia wote, ataona, lakini hatadumu.

Pima hivi. Vaa miwani yako ya kuonea mbali kama unayo. Kama huna, usivae kitu. Kaa penye mwanga mzuri, shika maandishi madogo kama ya gazeti, uyaanzie mbali na kuyaleta karibu polepole. Pale yanapoanza kufifia na hayarudi tena hata ukijitahidi, simama. Mtu mwingine apime kutoka kwenye jicho hadi kwenye karatasi. Gawanya 100 kwa umbali huo, utapata uwezo wako. Kisha kaa kwenye kiti chako cha kazi kama unavyokaa siku zote, bila kujinyoosha kwa heshima ya kipimo, na mpime kutoka jichoni hadi skrini. Pima na umbali wa karatasi unazosoma mezani. Andika namba zote tatu. Kama una kompyuta mbili, pima zote.

Kipimo hiki cha nyumbani kina mipaka. Mtu mwenye jicho linalohitaji lenzi ya kuongeza nguvu hata kwa mbali, naye hajui, hutumia sehemu ya uwezo wake muda wote bila kuhisi. Namba yake itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Hilo litagunduliwa kwenye kiti cha kupimia.

Mfano: mhasibu wa miaka 48

Alikuja na miwani ya kusomea niliyompa mwenyewe, ya nguvu ya dayopta +1.50, macho yote mawili. Kwa mbali anaona vizuri bila miwani. "Mtaalamu," akaniambia, "hii miwani kwa kitabu safi kabisa, lakini kwenye kompyuta inanivuta shingo." Nilipomwomba aigize anavyokaa, aliegemea mbele kama kuku anayedonoa.

Tukapima. Maandishi yalimfifia kwenye sentimita 50, maana yake uwezo wake ni dayopta 2.00. Nusu ya hiyo, anayoweza kuitumia kwa starehe, ni 1.00. Kitabu cha sentimita 40 kinadai 2.50, kwa hiyo anahitaji kuongezewa 1.50. Miwani ya kusomea ilikuwa sahihi kabisa.

Skrini yake ilikuwa sentimita 75. Sasa tazama: miwani ya +1.50 kwa mtu asiye na tatizo la mbali humwonesha mpaka sentimita 67 hivi, kwa maana 100 gawanya kwa 1.50. Baada ya hapo ni ukungu, na jicho haliwezi kufanya lolote, kwa sababu tayari limelegea mpaka mwisho. Skrini ilikuwa sentimita nane nje ya mpaka. Mwili ukaamua wenyewe kusogea mbele, na shingo ndiyo iliyolipa. Akiivua, skrini inamdai 1.33 wakati starehe yake ni 1.00. Anaona, ila ikifika saa nane mchana kichwa kimeanza.

Tulimtengenezea miwani ya pili ya +0.75. Nayo inamwonesha mpaka sentimita 133, na kwenye skrini yake jicho linabaki na kazi ya 0.58 tu, ambayo ni chini sana ya kiwango chake cha starehe. Kwa karibu inafika hadi sentimita 36 akijitahidi. Kusoma karatasi moja moja mezani kunawezekana, ila akitaka kusoma ripoti ndefu avae ile ya +1.50. Nilimweleza hilo kabla hajalipa, maana ningekaa kimya angerudi kulalamikia kitabu.

Kuna njia nyingine mbili ambazo angeweza kuchukua. Ya kwanza ni kuisogeza skrini mpaka sentimita 60 na kubaki na miwani aliyonayo. Haina gharama, na kwa mtu anayetumia kompyuta saa moja kwa siku ningemshauri hiyo. Ya pili ni lenzi za kazi za ofisini, ambazo sehemu yake kubwa ni ya umbali wa skrini na chini ni ya kusomea. Hizo ni nzuri kwa mwenye karatasi na skrini mchana kutwa, lakini usitembee wala kuendesha gari nazo, kwa kuwa mbali hazioneshi vizuri.

Wenye lenzi za sehemu mbili, au zile zinazobadilika taratibu kutoka juu kwenda chini, wana shida ya aina yao. Nguvu ya karibu iko chini ya lenzi, wakati skrini iko mbele. Ili waione, wanainua kidevu, na ikifika jioni kisogo kinauma. Ukijikuta unatazama kompyuta na pua imeelekea darini, teremsha skrini kwanza kabla hujalaumu lenzi. Isiposaidia, unahitaji miwani ya pili ya kazi hiyo peke yake.

Hatua ya nne: kwenye kiti cha kupimia

Nenda na zile namba tatu na miwani yako yote ya zamani, hata iliyovunjika. Sema saa unazokaa kwenye skrini na dawa unazotumia, maana baadhi ya dawa za mzio hukausha macho na baadhi ya dawa nyingine huathiri kulenga. Mwombe anayekupima akujaribishie lenzi kwa umbali wako halisi, si kwa kadi ya kusomea iliyoning'inizwa sentimita 40. Usione haya, mimi hufurahi mteja akiniletea vipimo.

Kama una kisukari na sukari imekuwa ikipanda na kushuka wiki za karibuni, subiri itulie kwanza ndipo upime miwani. Sukari ikibadilika, lenzi ya ndani ya jicho hubadilika nayo, na namba utakayopewa leo inaweza isikufae mwezi ujao. Lakini kuchunguzwa sehemu ya nyuma ya jicho usikuahirishe; mwenye kisukari anahitaji kuchunguzwa retina kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, kupima kila mwaka mmoja hadi miwili kunatosha. Ukivuka 40, omba na uchunguzi wa glaukoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, hasa kama mzazi au ndugu yako wa damu anao. Ugonjwa huo hauumi, na huanza kula uoni wa pembeni ambao mtu hauangalii. Kupima presha peke yake hakutoshi, kwa sababu wapo wenye ugonjwa huo na presha yao ni ya kawaida. Lazima na mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho utazamwe. Ukiwekewa matone ya kupanua mboni, mwanga utakuumiza na maandishi ya karibu yatafifia kwa saa kadhaa, basi usipange kuendesha gari wala kurudi kazini mara moja.

Hatua ya tano: siku ya kuchukua miwani

Usiivae, ukatazama kioo, ukaondoka. Omba kitu cha kusoma, simama na utepe, ukisome kwenye umbali wa skrini yako kwa macho mawili na kisha jicho mojamoja. Kisha mwombe fundi aweke nukta kwenye kila lenzi pale kitovu chake kilipo, uivae, mtazamane ana kwa ana. Kwa lenzi za kawaida za umbali mmoja, nukta hizo zinapaswa kuwa karibu kabisa na usawa wa mboni zako kwa upana. Zikiwa zimekwenda pembeni, hasa kwenye lenzi zenye nguvu kubwa, macho yatalazimika kuvutana ili kuunganisha picha, na utaumwa kichwa hata kama namba ni sahihi.

Lenzi mpya huhitaji siku chache za kuzoea, na zile zinazobadilika taratibu zinaweza kuchukua hadi wiki mbili. Sakafu kuonekana imeinama siku ya kwanza si ajabu. Lakini wiki mbili zikipita na bado unaivua kila saa, irudishe. Fremu ikaguliwe kwanza kama imekaa sawa puani na masikioni, kisha vitovu vya lenzi, kisha namba iliyomo ndani ya lenzi ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye karatasi. Upimwe upya macho baada ya hayo matatu, na siku hiyo uende tena na utepe wako, kwa sababu huenda katikati ya hapo umehamishiwa meza nyingine.